Chaque, chacun, plusieurs, quelque na quelques: upatanisho wake katika Kifaransa

Katika Kifaransa, umoja au wingi wa kitenzi kwa kawaida hufuata umbo la neno linalotawala sentensi, wala haufuati idadi ya watu au vitu alivyonavyo msemaji akilini. Hilo huonekana wazi kwenye «chaque». Neno hili huwagusa watu wote wa kundi, lakini kwa kuwa huwataja mmoja mmoja, nomino inayolifuata hubaki katika umoja, na kitenzi vilevile: «Chaque élève a son cahier», kila mwanafunzi ana daftari lake. Halibadiliki kwa jinsi ya kiume wala ya kike. Hata nomino mbili zikiunganishwa, kwa kawaida umoja haupotei: «Chaque homme et chaque femme a le droit de parler».

Msemaji wa Kiswahili hapati taabu hapo, kwa sababu «kila» nayo hutangulia nomino na haibadiliki. Mtego upo kwenye vipindi vya muda. Sisi husema «kila siku mbili» bila wasiwasi, na ndiyo maana «chaque deux jours» huponyoka mdomoni kwa urahisi, ingawa Kifaransa sanifu hudai «tous les deux jours». «Chaque» haikai mbele ya nomino ya wingi.

«Chaque» pia haisimami peke yake. Nomino ikiachwa, nafasi yake huchukuliwa na kiwakilishi «chacun», ambacho ni cha umoja daima lakini hubadilika kwa jinsi na kuwa «chacune» kinapowarejelea wanawake au nomino za kike. Kwa hiyo bei za vitabu huandikwa «Ces livres coûtent dix euros chacun». «Dix euros chaque» husikika sana madukani, ila katika maandishi rasmi huhesabiwa kuwa kosa.

Penye ugumu hasa ni pale «chacun» inapohama nafasi. Tuchukue dada wawili na miavuli yao. Tukiandika «Chacune des deux sœurs a pris son parapluie», kiima ni «chacune», hivyo kitenzi «a» kiko katika umoja licha ya «deux sœurs» kukaa karibu nacho, na kimilikishi ni «son». Tukiandika «Les deux sœurs ont pris chacune leur parapluie», kiima sasa ni «les deux sœurs», kitenzi kinakuwa cha wingi, na «chacune» imebaki kufafanua tu kwamba kila mmoja alichukua wake. Katika sentensi hii ya pili «son» inakubalika sawa na «leur». Uhuru huo hauendelei kwenye nafsi ya kwanza na ya pili: husemwa «Nous avons chacun notre opinion», lakini «Chacun de nous a son opinion», kwa kuwa humo «chacun» ndiyo kiima na ni nafsi ya tatu.

«Plusieurs» ni nyepesi zaidi. Ni ya wingi siku zote, haina umbo la kike, na kitenzi chake ni cha wingi: «Plusieurs femmes sont venues». Jinsi hujitokeza kwenye «venues», si kwenye «plusieurs» yenyewe. Maana yake iko karibu na «kadhaa» kuliko «wengi», jambo ambalo wafasiri hulisahau mara nyingi.

«Quelques», yenye «s», hutaja idadi ndogo isiyotajwa kamili na hudai wingi: «Quelques amis sont restés». Tofauti na «plusieurs», hukubali kutanguliwa na kibainishi kingine, kama katika «ces quelques livres».

«Quelque» bila «s» ndiyo inayohitaji jicho. Katika umoja hukutana nayo hasa kwenye semi kama «quelque temps» na «quelque part». «Quelque chose» hupatanishwa kama jinsi ya kiume ingawa «chose» ni nomino ya kike, na kivumishi chake huunganishwa kwa «de»: «Quelque chose de grave est arrivé», si «arrivée».

Kisha kuna «quelque» inayotangulia namba na kumaanisha «takriban». Hapo ni kielezi, na kielezi hakichukui wingi: «Quelque trois cents personnes attendaient». Kitenzi ni cha wingi kwa sababu ya watu hao mia tatu, lakini «quelque» haina «s». Kipimo ni kuweka «environ» mahali pake. Sentensi ikibaki na maana ileile, «s» haistahili. Jaribu hivyo kwa «quelques centaines de personnes» na «environ» itakataa, kwani «centaines» ni nomino yenye wingi wake, si namba, na «quelques» lazima ipatane nayo.