Lava "baridi" ya Ol Doinyo Lengai

"Nasikia lava ya Lengai ni baridi, mtu anaweza kuisogelea hata kwa kandambili. Ni kweli?"

Si kweli. Inapotoka ardhini kwenye volkano hii ya kaskazini mwa Tanzania, huwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Imeitwa baridi kwa sababu lava ya kawaida, ya basalti, hufikia 1,100 au zaidi.

Rangi yake ndiyo inayowaponza watu. Mchana haing'ai, ni nyeusi, nyepesi kama maji, na mgeni hudhani ni tope. Ikishakutana na unyevu wa hewa hugeuka kijivu na hatimaye nyeupe, lakini weupe huo hauthibitishi kwamba chini ni pagumu. Gamba jembamba linaweza kufunika uwazi au lava inayotembea, na ukingo wa kreta unaweza kuwa umeliwa kwa chini. Mwaka 2007 mtu alitumbukia kwenye lava hiyo, akapona akiwa na majeraha mabaya ya moto.

Kwa hiyo mwongozaji akisema mwisho ni hapa, simama hapo, hata kama wengine wamepita. Vaa buti ngumu zinazofunika kifundo cha mguu, maana hata mteremko wenyewe ni mkali na una majivu yanayoteleza. Usishuke mashimoni: kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama humo na haina harufu. Kichwa kikiuma au pumzi ikikupaa ghafla, panda juu mara moja, upande upepo unakotoka.