Alama zilizopotea si ugomvi na mhadhiri

"Ukikata rufaa chuoni, mhadhiri atakuwekea kinyongo, na alama hazibadiliki."

Dhana hii ni ya zamani, na inachanganya mambo mawili. Kuomba hesabu ihakikiwe si sawa na kuomba insha yako isahihishwe upya. La pili linapima uamuzi wa msahihishaji, na alama inaweza hata kushuka. La kwanza ni hesabu tu.

Chukua mfano huu. Majaribio mawili yana alama 15 kila moja, kazi ya kikundi 10, mtihani wa mwisho 60. Umepata 11, 12, 7 na 31: jumla 61. Matokeo yanaonyesha 49. Pengo ni 12, sawasawa na jaribio la pili. Huenda halikuingizwa.

Ambatisha nakala ya karatasi ya jaribio hilo, kisha mwandikie mhadhiri: "Naomba kuhakikiwa kwa alama ya jaribio la pili (12/15); jumla yangu inaonekana kuikosa." Usitaje mkopo wala alama za mwenzako. Asipojibu, barua iende kwa mkuu wa idara kabla muda wa rufaa haujaisha; ukipita, hata ushahidi mzuri hukataliwa.