Kusahihisha taarifa za bima si kubadilisha taarifa

"Naomba kubadilisha kazi yangu kwenye bima." Ombi hilo hutolewa kaunta na watu wawili wenye shida tofauti kabisa. Mmoja alikuwa karani kweli siku aliyokata bima, na mwezi uliopita ameanza kuendesha lori. Mwingine alikuwa dereva wa lori tangu mwanzo, ila fomu yake inasema karani. Wote wawili hupewa karatasi ileile, huandika neno lilelile, kisha hurudi nyumbani wakiamini mambo yamekaa sawa. Kwa yule wa pili hayajakaa sawa, na huenda yameharibika zaidi.

Maana yenyewe ni fupi. Kubadilisha ni kuiarifu kampuni kwamba jambo lililokuwa kweli siku ya mkataba sasa limekuwa jingine. Kusahihisha ni kuiarifu kwamba jambo lililoandikwa halikuwa kweli tangu siku hiyo. Kampuni ikikubali lolote kati ya hayo, hutoa hati ndogo inayoambatana na mkataba, ambayo watu wa bima huiita endosimenti. Asili ya neno hilo ni Kilatini, na maana yake ni kuandika mgongoni mwa hati. Ni jina lenye kufaa, kwa kuwa maandishi ya mbele hayafutwi. Yanabaki palepale na ya mgongoni yanasomwa pamoja nayo.

Kiswahili chenyewe kinatenganisha mambo haya vizuri kuliko tunavyokitumia. Badili, kutoka Kiarabu, ni kuweka kitu mahali pa kingine: kile cha kwanza kilikuwepo, kikaondoka. Sahihi, nayo ya Kiarabu, ni kilicho kizima, kisicho na kasoro. Shina lake ndilo lililotupa pia siha. Sisi tukaliongezea kazi neno hilo, likawa na maana ya mkono uliotiwa chini ya hati. Kwenye fomu ya maombi ya bima maana hizi mbili hukutana vibaya: majibu yasiyo sahihi, chini yake sahihi. Aliyetia sahihi ndiye aliyetamka kwamba majibu ni sahihi, hata kama kalamu ilishikwa na wakala.

Jambo hilo la wakala huwauma wengi, kwa sababu mara nyingi mteja alisema kweli na wakala akaandika vingine ili ada ipungue au fomu ipite haraka. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua mwaka 1929, katika kesi ya Newsholme iliyohusu bima ya basi, kwamba wakala anayejaza fomu kwa niaba ya mteja anafanya kazi ya mteja, na makosa yake ni ya mteja. Uingereza yenyewe ilishalainisha mambo kwa wateja binafsi kupitia sheria ya 2012. Huko, kosa la uzembe lisilo la makusudi humpunguzia mtu fidia kwa uwiano wa ada: aliyelipa 30 pale alipopaswa kulipa 40 hupata robo tatu ya fidia. Lakini sheria za bima za Tanzania na Kenya zimekulia kwenye misingi ile ya zamani, ambayo humruhusu mwenye kampuni kuuvunja mkataba tangu siku ya kwanza ikiwa jibu lisilo kweli liligusa uamuzi wake wa kukubali hatari au kupanga ada. Basi usitegemee uwiano huo kama mkataba wako haukuutaja.

Sasa tumfuate yule dereva. Tuseme alikata bima ya maisha ya shilingi milioni 50 Machi 2022, kazi ikaandikwa karani, naye alikuwa tayari akiendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Juni 2025 anashtuka, anaomba "kubadilisha kazi", na endosimenti inatoka: kazi ni dereva wa lori, kuanzia Juni 2025. Mwaka unaofuata anafariki. Mpelelezi wa kampuni anaomba barua ya ajira na leseni yake, na vyote vinaonyesha udereva wa kabla ya 2022. Kosa la mwanzo bado lipo, kwa sababu endosimenti haikuligusa. Zaidi ya hapo, marehemu ameacha maandishi ya pili yanayodai kwamba udereva aliuanza 2025. Kosa moja lingeweza kuelezwa kama la wakala. La pili ni lake mwenyewe.

Barua iliyomfaa ingeanza na namba ya mkataba, ikataja swali lenyewe kwenye fomu, jibu lililoandikwa, jibu la kweli, na tangu lini limekuwa kweli. Kabla ya kuiandika, omba kwanza nakala ya fomu ya maombi. Hati ya bima pekee haitoshi, kwa kuwa majibu mengi hayachapwi juu yake. Barua ipelekwe kampuni yenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kumwambia wakala kwa simu hakuachi alama yoyote.

Kampuni inaweza kukubali bila nyongeza, kudai ada ya juu pamoja na tofauti ya miaka iliyopita, kupunguza kiasi cha bima, au kuuvunja mkataba na kurudisha ada. Hilo la mwisho ndilo linalotisha, na ndilo linalowafanya watu wanyamaze. Ila mkataba ukivunjwa mtu akiwa mzima, bado ana nafasi ya kukata mwingine. Na kampuni iliyojua ukweli kwa maandishi, kisha ikaendelea kupokea ada bila kusema neno, itapata tabu sana baadaye kudai kwamba ilidanganywa. Hapo ndipo ule muhuri unapofanya kazi.

Kwenye uvutaji, tofauti hii huonekana wazi zaidi. Fomu nyingi huuliza kuhusu miezi 12 iliyopita, na tumbaku hapo ni pamoja na shisha na ugoro. Aliyejibu "hapana" kwa sababu yeye huvuta shisha harusini tu, ana jambo la kusahihisha. Aliyejibu "ndiyo" kwa haki, kisha akaacha na miezi 12 ikapita, anabadilisha, na anaweza kuomba ada ishuke. Huenda akapimwa mkojo au mate kutafuta kotinini, mabaki ya nikotini mwilini. Aliyejibu "hapana" kwa haki, akaanza kuvuta miaka miwili baadaye, kwa kawaida hana deni kwenye bima ya maisha, maana wajibu wa kueleza huishia mkataba unapoanza, isipokuwa masharti yaseme vingine.

Gari na nyumba ni habari nyingine. Mikataba hiyo ni ya mwaka mmoja mmoja, na kila unapohuisha unaingia mkataba mpya, hivyo badiliko la mwaka jana ulilolinyamazia linakuwa kosa la mwaka huu. Anwani ndiyo hunaswa hapo zaidi. Kwenye bima ya maisha anwani mbovu hupoteza barua ya kukumbushia ada. Kwenye bima ya nyumba, anwani ndiyo nyumba yenyewe.

Kwa hiyo ukifika kaunta na fomu iliyokosewa tangu mwanzo, acha "naomba kubadilisha kazi". Sema "naomba kusahihisha jibu la kazi kwenye fomu ya maombi, tangu tarehe ya kuanza mkataba". Endosimenti ikitoka, angalia tarehe kwanza. Ikiwa imeandikwa ya leo, irudishe.