Uvimbe wa jino unapohamia chini ya ulimi

Alikuja usiku, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Kariobangi, ameketi ameinama mbele, taulo kidevuni inapokea mate asiyoweza kumeza. Sauti ilitoka kana kwamba ana kiazi moto mdomoni. Kaka yake alinisihi, "Daktari, mwache alale kidogo, hajalala tangu jana." Nikakataa. Mtu wa namna hii ukimlaza chali, ulimi unarudi nyuma na kuziba hewa.

Jino lilikuwa limemuuma siku tano. Alinunua dawa za maumivu na vidonge vichache vya amoksilini kwenye duka la dawa, maumivu yakapungua, akarudi kazini. Asubuhi ya siku ile uvimbe ulikuwa upande mmoja; kufikia jioni ulikuwa umezunguka kidevu chote.

Sakafu ya mdomo ni msuli uliotandazwa kama turubai kati ya pande mbili za taya. Mizizi ya gego la pili na la tatu la chini huishia chini ya turubai hilo, kwa hiyo maambukizi yake hutokea shingoni, chini ya taya. Lakini ukingo wa nyuma wa msuli huo uko wazi. Maambukizi hupita hapo, yakapanda chini ya ulimi, kisha yakavuka upande wa pili. Mbele kuna mfupa, hautanuki, basi ulimi husukumwa juu na nyuma, kooni. Daktari Mjerumani, Ludwig, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na bado tunauita kwa jina lake.

Nilipombonyeza chini ya kidevu palikuwa pagumu kama ubao. Hapa ndipo wengi hukosea: wanangoja jipu liive. Haliivi. Usaha huwa kidogo mno, ni nyama yenyewe iliyovimba. Mtu akishindwa kumeza mate, ulimi umeinuka na hawezi kulala chali, ni hospitali saa hiyo hiyo, akiwa ameketi, hata kama ni usiku wa manane.

Sukari yake ilikuwa 17, naye hakujua ana kisukari. Tulimwekea antibiotiki za mshipa, lakini dawa haziwahi kufungua koo. Daktari wa nusukaputi alipitisha mpira wa hewa puani kwa kamera, mgonjwa akiwa macho. Mimi nilisimama kando na kisu, tayari kutoboa shingo ikishindikana. Ikawezekana. Nilipasua chini ya taya pande zote mbili, nikapata kama vijiko viwili vya maji machafu yanayonuka, nikaacha mipira ya kuyatoa, nikang'oa gego.

Mpira wa hewa tuliutoa siku ya nne. Aliporudi kliniki nilimulika upande wa pili: gego lingine, tundu jeusi. Safari hii hakungoja, akafungua mdomo nipige ganzi.