Dharura imekukosesha somo la udereva? Omba kusamehewa ada namna hii

Wengi wanaoleta malalamiko kwetu dhidi ya shule za udereva huanza hivi: "Nilipata dharura, kwa hiyo sidaiwi." Sivyo. Fomu uliyosaini siku ya kujiunga ni mkataba, na kama inataja ada ya kughairi somo ndani ya saa 24, unadaiwa. Dharura inakupa sababu ya kuomba msamaha. Haifuti deni.

Tuseme somo lako ni Jumamosi saa 1 asubuhi na ada ya kughairi ni shilingi 20,000. Saa 10 usiku mtoto anashikwa na degedege, mnakimbilia Mwananyamala. Akishapokelewa tu, andika: "Shikamoo mwalimu. Mtoto anaumwa ghafla, tuko hospitali. Somo la saa 1 sitaweza, samahani sana." Suala la pesa liache kwanza. Mwalimu akiusoma ujumbe huo saa 11 alfajiri bado yuko nyumbani, hajachoma mafuta, na anaweza kumwita mwanafunzi mwingine. Akijua saa 1 na dakika 10, gari limeshafika getini kwako Sinza na saa yake imepotea. Hapo ndipo maombi mengi hukwama.

Ombi lenyewe litume siku hiyohiyo, hali ikitulia: "Mwalimu, mtoto anaendelea vizuri. Naomba unisamehe ile 20,000. Kama ulishatoka, niambie gharama ya mafuta niilipe. Jumanne saa 11 jioni nina nafasi." Ambatanisha picha ya risiti ya hospitali inayoonyesha tarehe na saa. Jina la ugonjwa lifunike. Mwalimu hana haja nalo. Na tafadhali, usiazime risiti ya jirani ukabadilisha tarehe: kughushi hati ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hakuna somo la udereva linalostahili kesi ya namna hiyo.

Foleni ya Kimara si dharura. Kuchelewa kuamka si dharura. Maji kufunga barabara pale Jangwani ni jambo ambalo mwalimu anaweza kulithibitisha mwenyewe, hivyo mtajie tu.

Akikataa, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kiasi kilichotajwa mkatabani ni kikomo: anayedai anastahili fidia ya haki isiyozidi hapo, hata kama hasara haijathibitishwa. Kwa hiyo usimwambie "hujapata hasara, silipi". Muulize kwa upole kama ile saa ilipata mwanafunzi mwingine. Kama ilipata, omba alipwe nusu, au 20,000 ihesabiwe kwenye somo lijalo. Walimu wengi hukubali hili la pili kwa wepesi zaidi, kwa kuwa pesa haitoki mfukoni mwao. Mkikubaliana kwa simu, mtumie ujumbe unaorudia makubaliano na umwombe ajibu "sawa". Malipo yapitishe kwenye simu ili kumbukumbu ibaki.