Saa ya presha: ile namba huwa inatoka wapi?

Ami yangu yuko Lamu, mtaa wa Langoni, miaka sitini na kitu, presha anayo toka zamani na dawa anakunywa akikumbuka. Mwaka jana kijana wake akamletea saa kutoka Mombasa, zile za elfu mbili na kitu, na tangu siku hiyo pale barazani baada ya alasiri saa ndiyo daktari. Anabonyeza, taa ya kijani inawaka kwa chini, nusu dakika hivi, inatoka 121 kwa 79. Wenzake nao wanavishwa mmoja mmoja, 118 kwa 77, 123 kwa 80, yaani baraza zima la wazee wa kahawa tungu na sigara na hakuna hata mmoja mwenye presha. Hapo ndipo nikaanza kushuku.

Nikamwambia Ami hebu nipe hiyo saa dakika moja. Kulikuwa na ndizi kwenye sinia, nikaifunga saa kwenye ndizi nikabonyeza, tukangoja. 119 kwa 78. Ami alicheka mpaka kofia ikamdondoka, halafu akaivaa tena akasema, "Mwanangu, hiyo ni ndizi, mimi si ndizi, mimi yanipima sawa."

Basi tuanzie hapo, kwa nini ndizi ilipata presha.

Presha ni ile nguvu ambayo damu inasukuma ukuta wa mshipa. Na nguvu ya kusukuma huwezi kuijua bila kuisukuma na wewe, ndiyo maana mashine ya kawaida ina mkanda. Unafungwa juu ya kiwiko, unajazwa upepo mpaka mshipa unabanwa damu haipiti, halafu upepo unaachiliwa polepole na mashine inasikiliza ule mtetemo wa damu ikianza kupenya tena. Ule upepo ndani ya mkanda nguvu yake inajulikana, kwa hiyo namba unayopata, juu na chini, imetoka kwenye kulinganisha nguvu mbili. Hata zile mashine za betri za nyumbani zinafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba zinahisi mtetemo zenyewe badala ya daktari kusikiliza kwa masikio.

Saa haibani kitu. Inamulika ngozi kwa taa na kuangalia mwanga kiasi gani unarudi. Moyo ukipiga, damu inajaa kidogo kwenye ngozi na mwanga unaorudi unapungua, ikiondoka mwanga unaongezeka, unapata wimbi. Kuhesabu mawimbi ni rahisi, ndiyo maana mapigo ya moyo saa nyingi zinapatia vizuri tu ukiwa umetulia. Lakini presha haimo ndani ya ule mwanga. Saa inatazama umbo la wimbi, limepanda kwa kasi gani, limeshuka vipi, halafu inakisia. Ni kama wewe umekaa gatini unaona jahazi kwa mbali, tanga limefura, utasema leo kuna upepo. Sawa, upepo upo, lakini nguvu yake kiasi gani? Hiyo itategemea tanga limekazwa vipi, jahazi limepakia nini, kitambaa kipya au kimechoka, na hayo yote huyaoni ukiwa pale. Mishipa nayo ni hivyo, ya kijana inanyumbuka, ya mzee imekakamaa, ukisikia baridi inajikunja, ukinywa dawa inalegea, na umbo la wimbi linabadilika kwa sababu hizo zote hata kama presha iko pale pale.

Sasa hizi saa za bei ya chini, ukiwasha mara ya kwanza zinakuuliza umri, mume au mke, kilo, urefu. Halafu bila kukupima na mkanda hata mara moja zinaanza kutoa namba, na namba zote zinazunguka pale pale kwenye 120 kwa 80, ambako ndiko watu wengi wazima wanakopatikana. Ndizi nayo inarudisha mwanga wa kijani, mtikisiko kidogo wa sinia saa inaudhania mapigo, basi inakwenda kwenye ile namba yake ya siku zote. Kwa kundi hili mimi sina cha kupima pima maneno, ile sehemu ya presha ichukulie kama pambo.

Kuna kundi la pili na hapa ndipo watu wenye akili zao pia wanateleza. Hizi ni saa za maana, kwa mfano za Samsung, ambazo hazikubali kukupa presha mpaka kwanza ujipime na mashine ya mkanda mara tatu na uandike zile namba kwenye simu. Na kila baada ya siku 28 unarudia. Ukweli wake ni kwamba saa imekiri yenyewe, haijui presha yako, inajua tu ile uliyoiambia, na kuanzia hapo inajaribu kukisia umepanda au umeshuka kiasi gani.

Mama mkwe wangu yuko Malindi, mtaa wa Maweni, binti yake aliye Dubai akamtumia saa ya aina hiyo. Tukamfungia na mkanda vizuri tukapata 134 kwa 82, dawa alikuwa anakunywa kila siku. Baada ya wiki moja dawa zikaisha, akasema atanunua mwisho wa mwezi, saa yenyewe si inasema yuko sawa. Siku tisa bila dawa. Kila asubuhi anatazama, 135 kwa 83, 133 kwa 81, 136 kwa 84. Nikapita Ijumaa baada ya swala nikiwa na mashine yangu ya mkanda, nikamkalisha dakika tano, nikapima: 163 kwa 97. Nikarudia baada ya dakika moja, 161 kwa 96. Saa mkononi wakati huo huo yasema 136 kwa 84.

Saa haikuharibika. Ilifanya kazi yake, ilishika ile 134 tuliyompa siku ya kwanza ikaisogeza kidogo huku kidogo kule. Kilichobadilika kilikuwa kikubwa na cha polepole, mishipa iliyokuwa imelegezwa na dawa ilirudi kukaza, na saa haikuwa na njia ya kutofautisha hilo na mambo mengine yanayobadilisha wimbi.

Na hapa ujue ujanja wa matangazo. Utaona wameandika saa yetu imepimwa sambamba na mashine ya hospitali, tofauti ni ndogo sana. Inawezekana kabisa ni kweli! Chukua watu, wapime na mkanda, ingiza namba kwenye saa, wakalishe kimya, wapime tena baada ya muda mfupi. Presha ya mtu aliyekaa kimya haiendi mbali, kwa hiyo hata saa ambayo ingerudia tu namba ya kwanza bila kupima chochote ingefaulu mtihani huo. Ndiyo maana mwaka 2023 wataalamu wa presha wa Ulaya waliweka mitihani mingine kwa vifaa visivyo na mkanda: je, inaona presha ikishuka kwa dawa, ikishuka usingizini, ikipanda kwa mazoezi, inabadilika vipi mkono ukiinuliwa au kushushwa, na je, siku ya mwisho kabla ya kuiingizia namba upya bado inasema kweli. Mama mkwe aliangukia ule wa dawa bila kujua.

Mtihani mdogo niliufanya mwenyewe, mimi sina presha wala moyo hausumbui, mwenye presha asijaribu hii. Nilichukua ndoo ya barafu kwa wale jamaa wa samaki, nikatumbukiza mkono wa kushoto mpaka kwenye kifundo. Baridi kali ya namna hiyo inapandisha presha kwa watu wengi. Mkanda mkono wa kulia, kabla 118 kwa 75, baada ya dakika moja ndani ya barafu 136 kwa 88. Nikapumzika robo saa nikarudia, safari hii saa peke yake mkono wa kulia (usivae vyote mkono mmoja kwa wakati mmoja, mkanda ukibana damu haifiki kwenye saa). Saa ikasema 119 kwa 77 huku mimi nimeng'ata meno.

Mambo mengine nayapita haraka. Mkanda wa saa ukilegea, mkono ukitikisika, jasho, tatuu au piko nene hapo chini ya taa, vyote vinaharibu wimbi. Ngozi nyeusi inanyonya mwanga wa kijani zaidi, kwa hiyo saa inabaki na kidogo cha kusomea.

Kuna za aina ya tatu ambazo ni saa lakini si bila mkanda, kamba yake yenyewe ina kijimfuko kinachojaa upepo na kubana kifundo, kwa mfano Omron HeartGuide. Hiyo inapima kweli, shida yake ni mahali pa mkono. Kila sentimita 10 mkono ukiwa chini ya moyo namba inaongezeka karibu 8, kwa hiyo ukiuacha mapajani umejipa presha usiyokuwa nayo. Uinue mpaka usawa wa moyo, utulie.

Na Apple mwaka 2025 walikwenda njia nyingine, saa yao haitoi namba kabisa, inakusanya mawimbi ya siku 30 halafu inakwambia tu kuna dalili za presha, kajipime na mkanda. Mimi hiyo naiona ni ya kiungwana zaidi, ingawa ikinyamaza haina maana huna presha.

Ami naye tulifika mwisho. Nilimwachia mashine yangu ya mkanda wiki moja, ya juu ya kiwiko. Maelekezo: umekojoa, hujanywa kahawa wala sigara nusu saa, umeegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza, umetulia dakika tano bila kuzungumza. Asubuhi mara mbili kabla ya dawa, jioni mara mbili, andika zote. Siku ya kwanza tukaitupa kwa sababu mtu huwa na wasiwasi, zilizobaki tukapiga wastani: 158 kwa 94. Nyumbani mpaka wa presha ni 135 kwa 85. Akachukua kile kikaratasi akaenda nacho hospitali, wakambadilishia dawa.

Saa hajaivua. Siku hizi yamhesabia hatua kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, na wenzake wakinyoosha mkono wapimwe anawaambia subiri nilete ndizi.