Mstari wa kwanza wa About si mahali pa kusifia tabia yako

Juzi nilikuwa natafuta mhasibu kwa ajili ya mteja wangu wa Dar es Salaam. Wasifu wa tatu niliofungua LinkedIn ulianza hivi: "Mimi ni mhasibu mwenye bidii, mwaminifu, mwenye shauku ya takwimu na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Wa nne ulianza karibu vilevile. Wa sita nao. Kila nikimuuliza mtu kwa nini ameanza hivyo, jibu ni moja: ameambiwa ajiuze.

Kumbuka nimefikaje hapo. Ninapotafuta, orodha inanionyesha jina lako, kichwa cha wasifu, mahali ulipo na kazi unayofanya sasa. About, ile sehemu ya kujieleza, siioni mpaka nibofye jina. Kwa hiyo nikifika kwenye mstari wako wa kwanza, tayari najua wewe ni mhasibu, uko Dar na una CPA(T). Ukianza kwa kunirudishia hayo, umenipotezea mstari. Sehemu hiyo inabeba herufi 2,600, lakini kinachoonekana kabla ya kubofya kufungua maandishi yaliyobaki ni mistari michache tu, na kwenye simu ni michache zaidi.

Ninachokitafuta pale ni kuondoa wasiwasi. Neno "mhasibu" linamhusu anayeingiza risiti kwenye duka moja na pia anayefunga hesabu za kampuni nzima. Mteja wangu anamtaka huyu wa pili. "Bidii" hainisaidii kuwatenganisha, kwa sababu wote wawili wameiandika.

Nilimpigia yule wa wasifu wa tatu, maana kichwa cha wasifu wake kilikuwa kizuri. Nikamwambia, "Ndugu yangu, acha sifa, nieleze mwezi wako unaishaje." Akaeleza bila kusita: kampuni inasambaza vifaa vya ujenzi, ina matawi matatu, kila tawi lilikuwa linatuma karatasi zake kwa wakati wake. Yeye ndiye aliyeziingiza zote kwenye programu ya uhasibu ya Tally. Dakika kumi tu, na nilikuwa na kila nilichohitaji. Tukaandika upya:

"Nafunga hesabu za mwezi za msambazaji wa vifaa vya ujenzi mwenye matawi matatu: Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Ritani za VAT na PAYE naziandaa mwenyewe. Tangu nianze, hesabu zinafungwa ndani ya siku sita. Zamani zilichukua wiki tatu."

Hazifiki herufi 250. Tazama zile siku sita zinavyofanya kazi. Ritani ya VAT Tanzania inatakiwa kufika tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo kampuni inayofunga hesabu wiki ya tatu kila mwezi inaikimbiza tarehe hiyo. Mtu wa fani akisoma anaelewa papo hapo ni tatizo gani limeondoka.

Hapa ndipo ninapogombana na wanaofundisha kwamba "weka namba" inatosha. Wanafunzi wao wanaandika "nimepunguza gharama kwa asilimia 40" wanakoma hapo. Gharama zipi? Za chai ya ofisini au za usafirishaji? Kutoka kiasi gani? Asilimia isiyo na msingi inanifanya nishuku hata yale ya kweli yanayofuata. Namba inayonifaa zaidi kwenye mistari ya mwanzo ni ile ya ukubwa wa kazi: matawi mangapi, wafanyakazi wangapi kwenye mishahara, wateja wangapi wanaodaiwa. Hiyo naweza kuiuliza kwenye simu na ukanijibu bila kubabaika. Na kama huna tokeo la kujivunia, ukubwa wa kazi peke yake unatosha kabisa. Usitunge.

Maswali ya kuvutia ("Je, unajua kwa nini biashara nyingi hufa?") na misemo ya watu maarufu, viondoe. Havisemi lolote kukuhusu.

Lugha? Andika kwa lugha ya matangazo ya kazi unazozitaka. Kwa uhasibu wa makampuni, mara nyingi ni Kiingereza, na mfano wa hapo juu unahama bila kupoteza chochote.

Nikiri jambo moja. Kuna siku naruka About nzima, naenda moja kwa moja kwenye historia ya kazi, hasa nikiwa na wasifu mwingi wa kupitia. Siwezi kukuahidi kwamba mistari hii itasomwa kila mara. Inaposomwa, huwa ni pale ambapo vyeo vimenivutia lakini bado nina shaka, na hapo sijui kitu kingine kwenye ukurasa kinachoweza kunifanya nipige simu.

Ukimaliza, mwombe rafiki aufungue wasifu wako kwenye simu yake bila kubofya chochote. Mwulize unafanya kazi ya ukubwa gani. Akisema "unaonekana mchapakazi", anza upya.